Laki tatu ya mjomba: jinsi ya kumfundisha kijana wa miaka 15 kuwekeza na kuielewa hasara

Swali: "Habari kaka. Mwanangu wa kiume ana miaka 15, yupo kidato cha pili, kapewa laki tatu na mjomba wake aliyekuja kututembelea. Anasema hataki kuila, anataka aizalishe, ila rafiki zake wanamwambia aingie foreksi na wengine wanampa story za mikeka. Mimi mwenyewe sijawahi kuwekeza zaidi ya vikoba. Naomba mpango rahisi, tupo Tabata, na kinachonitisha zaidi ni hela ikipotea dogo atakata tamaa kabisa."

Dada hongera kwa kuwa umeuliza kabla ya kuitoa hiyo hela, maana wengi wanakuja ofisini kwetu ikiwa imeshaondoka. Nianze na hapo pa kukata tamaa kwa sababu mpango wote nitakaokupa umesimama hapo. Mi naona kijana wako anatakiwa aione hela yake ikishuka akiwa na miaka 15, tena aione kwa macho yake, ila iwe sehemu tu ya hela na kiasi mkipange nyie mapema. Mtu akikutana na hasara mara ya kwanza ana miaka 35 na kiinua mgongo cha kampuni mkononi anauza kila kitu kwa hofu siku ile ile, nimewaona sana. Dogo akikutana nayo kwenye elfu chache tu atauliza maswali, na hayo maswali ndo unayoyataka.

Kwahiyo laki tatu igawe mafungu matatu. Elfu 50 aitumie anavyotaka, kweli anavyotaka, hata kama ni raba au bando, usimpangie. Hela ya zawadi ikifungiwa yote mtoto anaanza kuona kuwekeza ni kunyang'anywa kwa adabu. Elfu 150 iende kwenye mfuko wa pamoja usio na hisa ndani yake, sehemu tulivu. Elfu 100 inunue hisa za kampuni moja ya soko la hisa la Dar es Salaam, DSE, kampuni atakayoichagua yeye. Kwanini kampuni moja wakati kila mtu anasema usiweke mayai kwenye kapu moja? Kwa sababu kwa elfu 100 ukigawa kampuni nne anapata hisa chache chache ambazo hafuatilii hata moja, na yale mayai mengine yako tayari kwenye ile 150. Akikua na hela ikikua atagawa.

Sasa fungu la 150. Hapa Tanzania mifuko ya pamoja ipo kadhaa, wasimamizi wa zamani na wanaojulikana zaidi ni UTT AMIS ambao wana mifuko mingi, kuna Umoja ulioanza 2005, kuna Mfuko wa Watoto, kuna Hatifungani, na kuna Ukwasi ambao ndo nauchagua kwa ajili yenu. Ukwasi hela yake inakaa kwenye hatifungani za serikali, yani serikali inakopa na kulipa riba, na kwenye amana za benki, haugusi hisa, unaanza na laki moja na nyongeza zinaanzia elfu 10, na hawakukati ukiingia wala ukitoka. Ukiomba kutoa hela inafika ndani ya siku chache za kazi. Kwa mtoto hiyo ya mwisho ina maana kubwa, kwa sababu akijua hela yake inatoka akiitaka haoni kama imemezwa. Mfuko wa Watoto na wenyewe ni mzuri na umetengenezwa kwa ajili yao, ila ndani yake kuna hisa kiasi, na mi hapa nataka mafungu mawili yenye tabia tofauti ili dogo alinganishe, moja linapanda taratibu karibu kila siku na lingine linaruka na kudondoka.

Mwenyewe hawezi kufungua akaunti kwa jina lake peke yake kwa kuwa hajafika miaka 18, unafungua wewe kwa niaba yake. Beba kitambulisho chako cha NIDA, cheti chake cha kuzaliwa, picha, na taarifa za akaunti ya benki ya kupokelea hela siku ya kutoa. Unaweza kwenda ofisi za UTT mjini au tawi la benki ya CRDB, wanapokea fomu zao. Nenda naye dada, usimfanyie. Fomu ajaze yeye kwa mwandiko wake, wewe usaini. Na muulize mhudumu mbele yake, jina la mtoto linaandikwa wapi na akifika 18 utaratibu wa kuihamishia kwake ukoje, asikie majibu mwenyewe.

Atakutana na neno vipande. Mwambie hivi, mfuko ni hela za watu wengi zimewekwa pamoja, zimegawanywa vipande, na kila siku ya kazi wanatangaza thamani ya kipande kimoja. Tuseme leo kipande ni shilingi 400, elfu 150 yake inampa vipande 375. Vipande havibadiliki idadi asipoongeza wala kutoa, kinachobadilika ni bei. Mwaka ukiisha kipande kikiwa 440, ana 375 mara 440, ambayo ni 165,000. Ile nimetumia ongezeko la asilimia 10 kwa ajili ya hesabu tu, hakuna mtu anayemuahidi hiyo, na hili neno alielewe vizuri, mfuko halali haukuahidi. Unakuonyesha ulikotoka na unakwambia ya nyuma sio dhamana ya mbele.

Na hapa utaona sura yake inabadilika. Elfu 15 kwa mwaka mzima! Rafiki yake kamwambia foreksi inatoa hiyo kabla ya chai. Usimtetee huo mfuko, kubali kwamba ni kidogo, kwa sababu ni kweli ni kidogo, alafu mpe kalamu apige hesabu nyingine. Akianza na 150,000 na akaongeza elfu 10 kila mwezi, kwa kiwango kile kile cha asilimia 10 kwa mwaka, akifika miaka 18 atakuwa na kama laki sita na elfu 20. Sasa muulize hela imetoka wapi. Yeye mwenyewe kaweka 150 na 360, jumla 510,000, faida ni kama 110,000. Yani kwa hela ndogo kinachojenga ni kuongeza, riba inasaidia tu, na hili ni somo ambalo watu wazima wengi wanazunguka miaka wakitafuta mfuko wenye asilimia mbili zaidi wakati hawajaongeza hata senti tangu wafungue. Hiyo elfu 10 mnaweza kuchangia, yeye akiweka 5 kwenye hela yake ya matumizi wewe unaweka 5. Mwezi asipoweka na wewe usiweke. Usigombe, acha daftari liseme.

Je Ukwasi hauna hatari? Unayo, imejificha tu. Hatari yake ya kwanza ni kwamba kinachozalisha ndani yake ni riba, na riba inashuka. Mwaka 2022 serikali ilipunguza riba ya hatifungani zake, ile ya miaka 25 ilikuwa inalipa asilimia 15.95 ikashushwa ikawa 12.56. Waliokuwa wameshanunua za zamani waliendelea kupata kile kile, ila hela mpya iliingia kwa kiwango kipya. Kwahiyo mfuko unaweza kutoa 12 mwaka huu na 9 mwaka mwingine bila mtu yeyote kuiba. Ya pili ni bei za vitu, hela ikikua 10 na bei zikapanda 4 kilichobaki ni kama 6. Mwonyeshe kwa kitu anachonunua yeye, bei ya chipsi yai alipokuwa darasa la tano na bei ya leo, imetosha, usiende mbali zaidi ya hapo.

Tuje kwenye elfu 100 ya hisa, hapa ndo nataka mkae muda mrefu.

Kununua hisa mnahitaji dalali wa hisa mwenye leseni na akaunti ya kutunzia hisa ambayo dalali anakufungulia, na yenyewe kwa mtoto inafunguliwa na mzazi kwa niaba yake. DSE wana apu yao inaitwa Hisa Kiganjani, unaweza kuangalia bei na kutuma oda kwenye simu. Mpe dogo wiki mbili tatu za kuangalia bei tu bila kununua. Kila jioni soko likishafungwa aandike bei ya kampuni tatu anazozijua, na pembeni aandike zimeuzwa hisa ngapi siku hiyo. Hiyo safu ya pili watu huwa wanairuka, na ndo inayofundisha kitu cha kwanza kuhusu soko letu, kwamba kuna kampuni bei yake haijagusika wiki nzima kwa sababu hakuna aliyenunua wala kuuza. Bei imeandikwa pale inapendeza ila siku ukitaka kuuza unaweka oda unasubiri, siku, wiki, wakati mwingine zaidi. Hisa za benki kubwa kama CRDB na NMB zinauzwa na kununuliwa karibu kila siku hivyo kwa mwanzo nashauri achague kwenye zile zinazochangamka. Simwambii anunue ipi. Aangalie kampuni ambayo anaweza kueleza kwa sentensi mbili inapataje hela, akishindwa kueleza asinunue.

Sasa twende na mfano, namba nimezitunga za kujumlishika kirahisi. Hisa inauzwa 500. Ana 100,000. Atasema napata hisa 200. Hapati. Kuna kamisheni ya dalali na makato madogo madogo ya soko, mdhibiti na utunzaji, kwa oda ndogo ukijumlisha na kodi inafika asilimia mbili na kidogo, tuchukue 2.3. Akinunua hisa 190 ni 95,000, makato 2,185, jumla imemtoka 97,185. Kesho yake akibadili mawazo auze kwa bei ile ile 500, anakatwa tena, anapokea 92,815. Muache aangalie hiyo namba. Bei haijasogea hata shilingi na amepoteza 4,370. Alafu muulize, bei ifike ngapi ndo urudishe hela yako? Akipiga vizuri atapata karibu 524. Hapo ameelewa kwa kalamu yake mwenyewe kwanini anayenunua na kuuza kila wiki anamtajirisha dalali, na nasema hivyo nikiwa nimekaa upande wa dalali miaka mingi.

Kabla hajabonyeza kununua kuna karatasi moja lazima aandike, na ukisahau yote niliyoandika shika hii. Aandike vitu vitatu. Nanunua kwa sababu gani. Bei ikishuka hadi 400 nitafanya nini. Kitu gani kikitokea kwenye kampuni yenyewe ndo nitauza. Aweke tarehe, asaini, na wewe usaini, karatasi ikae kwenye daftari. Sababu ya kuandika mapema ni kwamba bei ikishuka akili ya mtu inabadilisha hadithi, anajiambia mi nilijua, au anajiambia itarudi tu, na hawezi kujifunza chochote kwa kuwa hakumbuki alikuwa anafikiria nini.

Na itashuka. Siku moja atafungua simu akute 400. Hisa zake 190 zina thamani ya 76,000, elfu 19 imeondoka, na kama kawaida ya watoto ataihesabu kwa viatu ambavyo ingenunua. Usimfariji haraka haraka, na usimwambie nilikwambia. Toeni karatasi. Muulize kampuni imebadilika nini. Imetangaza faida imeshuka? Imeacha kulipa gawio, ile sehemu ya faida wanayogawiwa wanahisa? Au kampuni iko vile vile na watu wengi tu walitaka hela zao kwa wakati mmoja, tuseme Januari ya ada? Hayo ni mashuko mawili tofauti kabisa na kwenye simu yanaonekana sawa. La kwanza linaweza kuwa sababu ya kuuza, la pili sio. Muonyeshe na hesabu ya kurudi. Imeshuka kutoka 500 hadi 400, asilimia 20. Ili irudi 500 inatakiwa ipande asilimia ngapi? Karibu watoto wote wanasema 20. Ni 25, kwa sababu inapandia kwenye kitu kilichopungua. Ikishuka nusu inatakiwa ipande mara mbili. Hii peke yake inamwambia kwanini ile 150 imekaa pembeni.

Sasa ili asidhani ni hesabu za kutunga mpe mfano wa kweli wa hapa hapa. Hisa za CRDB ziliuzwa kwa umma mwaka 2009 kwa shilingi 150. Bei ikapanda, 2015 benki ikauza hisa za nyongeza kwa wanahisa wake kwa shilingi 350. Kufika 2019 hisa hiyo hiyo sokoni ilikuwa chini ya 150. Yani aliyenunua 2009 miaka kumi baadaye alikuwa chini ya alipoanzia ukiacha magawio, na aliyeingia 2015 alikuwa amepoteza zaidi ya nusu kwenye bei. Alafu ikageuka, kufikia 2024 ilikuwa zaidi ya mara tatu ya ile 150. Sasa kaa na dogo mpige hii kwa watu watatu, wa 2009 aliyeshikilia, wa 2015 aliyeuza 2019 kwa hasira, na wa 2019 aliyenunua wakati wote wanakimbia. Benki ni moja, hisa ni moja, matokeo matatu. Ila muwe wakweli, 2019 hakuna aliyejua itapanda, na kuna kampuni zilishuka hazijarudi mpaka leo. Vodacom Tanzania iliuzwa 850 mwaka 2017 na miaka iliyofuata ilikaa muda mrefu chini ya hapo. Kwahiyo funzo la CRDB sio kwamba ukisubiri inarudi, ni kwamba hela ya ada ya mwakani haitakiwi kuwa kwenye hisa kwa sababu unaweza kulazimika kuuza mwaka mbaya.

Na gawio usilisahau kwa sababu watoto wanalipenda, ni hela inayofika kwenye simu. Tuseme kampuni yake imetangaza gawio la shilingi 25 kwa hisa, ana 190, hiyo ni 4,750, kwa kampuni iliyopo sokoni wanakata kodi asilimia 5 anabaki na 4,512 hivi. Aangalie tarehe ya kufunga daftari la wanahisa, ukinunua baada ya hapo gawio la mwaka huo sio lako, na mara nyingi siku zinazofuata bei inalegea kidogo maana walioingia kwa ajili ya gawio wanatoka. Hiyo 4,512 aamue mwenyewe, aile au aipeleke Ukwasi.

Rafiki zake wa mikeka na foreksi hutawashinda kwa kukataza, utawashinda kwa hesabu. Mkeka, chukua timu mbili zinazolingana kabisa nguvu, tuseme mchezo wa pande mbili hakuna sare, kampuni inatoa odi 1.85 kila upande. Weka elfu moja upande huu na elfu moja upande ule. Lazima mmoja ushinde. Umeweka 2,000 umepokea 1,850. Matokeo yoyote yakitokea 150 imebaki kwao, na hiyo ni kwenye mechi moja, ukiunganisha mechi kumi kwenye mkeka mmoja yale makato yanazidishana. Kwenye hisa kuna kampuni nyuma inafanya biashara na ikipata faida na wewe una kipande, kwenye mkeka hakuna kitu nyuma, kuna hela za waliopoteza kutoa fungu la mwenye kampuni. Na kisheria kubeti ni kuanzia miaka 18, ila hesabu inamshika kuliko sheria.

Foreksi ya kwenye simu mwambie kitu kimoja. Zile apu zinamkopesha mtu, anaweka elfu 50 anacheza kama ana milioni 5, mara mia. Bei ikisogea upande mbaya asilimia moja tu, na sarafu zinasogea hivyo mara kwa mara, elfu 50 yote imekwisha. Asilimia moja. Mlinganishe na hisa yake iliyoshuka asilimia 20 na bado ana 76,000. Kuna watu wanaifanya kama kazi, wana mtaji na wamejifunza, sibishi, ila sio mahali pa mtoto wala pa hela ya mjomba.

Kuna hatari ya mwisho ambayo kwa Dar ndo inayoua wengi kuliko bei ya hisa, na ni utapeli. Mwaka 2009 nchi hii ilikuwa na DECI, watu wanapanda mbegu alafu baada ya muda wanavuna zaidi ya walichopanda, na walioingia mwanzo walivuna kweli, ndo maana waliwaleta ndugu zao. Serikali ilipoisimamisha hela za wengi zilishapotea. Waliovuna walikuwa wanalipwa kwa hela za wanaoingia nyuma yao. Mpe dogo hesabu, mtu mmoja anahitaji wapya wawili ili alipwe, na kila mmoja wao anahitaji wawili. 2, 4, 8, 16. Raundi ya kumi inahitaji watu 1,024, bado inaonekana inawezekana. Raundi ya 23 inahitaji zaidi ya milioni 8, na sensa ya 2022 ilihesabu Dar nzima kama milioni 5.4. Kila miaka michache inarudi na jina jipya, siku hizi inakuja kwenye magrupu ya WhatsApp, eti utazame video ulipwe, ununue kifurushi upande daraja. Dalili zake ni zile zile, wanakutajia faida ya kila siku au wiki isiyobadilika, unalipwa zaidi ukileta watu, na hela unaituma kwenye namba ya mtu. Mpe zoezi, kampuni yoyote atakayoletewa aitafute kwenye orodha ya wenye leseni ya CMSA, ile mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, au Benki Kuu kama wanachukua amana. Haipo, basi. Na kuwa na cheti cha BRELA sio leseni ya kukusanya hela za watu, hapo wanapigwa wengi sana kwa sababu cheti ni cha kweli, kina muhuri, ila kinasema tu kwamba kampuni imesajiliwa.

Mambo mawili ya nyumbani kabla sijaacha. La kwanza dada, na nisamehe kwa kulisema wazi, usiikope. Januari itafika, ada na sare na kodi ya nyumba vitakuja pamoja, na utakumbuka kuna laki na nusu Ukwasi ambayo inatoka ndani ya siku chache na saini ni yako. Mtoto akigundua hela yake imetoka bila yeye kujua, kila kitu ulichomfundisha kuhusu akiba kimekufa na atakuwa anaficha hela zake kwako mpaka anaoa. Ikibidi kabisa, kaa naye mezani, mwambie nahitaji kiasi fulani, narudisha lini na kwa nyongeza kiasi gani, muandikishane kwenye lile daftari na urudishe siku hiyo hiyo. Akikataa heshimu.

La pili ni mara ngapi muangalie. Hisa asiangalie kila saa, inamfanya awe na wasiwasi na inamvuta auze. Wiki za mwanzo za kujifunza sawa, baada ya kununua iwe mara moja kwa mwezi, siku ile mnayoongeza elfu 10. Anaandika tarehe, thamani ya kipande, jumla ya Ukwasi, bei ya hisa, jumla ya hisa, na mstari mmoja wa kitu alichosikia kuhusu kampuni yake mwezi huo. Kampuni za sokoni zinatangaza hesabu zao, benki kila robo mwaka, zinatoka magazetini na kwenye tovuti zao. Asome mistari miwili tu, faida ya robo hii na faida ya robo kama hii mwaka jana, mengine yatakuja. Kila mwisho wa mwaka mnarudi kwenye ile karatasi ya sababu tatu, mnaona kama bado anakubaliana na aliyeandika, na kama anataka kuuza anauza kwa sababu iliyoandikwa pale. Kama sababu anayotaka kuuzia haipo kwenye karatasi asubiri siku 30 aone kama bado anataka.

Akimaliza kidato cha nne atataka simu mpya, hilo jiandae, na usilikatae kwa sababu ni hela yake. Sheria iwe moja, anatoa kwenye Ukwasi kwanza, hisa haziguswi zikiwa zimeshuka kwa sababu ya simu, na asitoe zaidi ya nusu. Alafu siku akitimiza 18 na kupata NIDA yake mwende pamoja mkahamishe akaunti zote mbili ziwe kwa jina lake, na neno la siri la apu abadilishe yeye mbele yako bila kukuonyesha.